Dalali Jukwaani

Mlioniacha Jumapili iliyopita nimejikunja juu ya meza ya kukatia nguo katika kibanda cha dada yangu, poleni kwa kungoja. Shingo bado imekakamaa.

Kwa aliyeingia leo, nisimzungushe. Kiwanda cha sabuni kilinifukuza kwa kuwafundisha wenzangu kuuliza swali moja kwa sauti moja. Mwenye nyumba akanitupia virago nje kwa kuwafundisha wapangaji mchezo huohuo. Mji umenipachika jina la Kengele, maana kengele ukiipiga ndiyo kwanza inalia. Dada yangu, fundi cherehani pale sokoni, akanihifadhi kibandani mwake.

Na kibanda chenyewe kilikuwa hatarini. Diwani wetu, tunayemwita Bwana Ramani kwa sababu hatembei bila mchoro wake kwapani, anataka soko livunjwe pawe maegesho ya magari. Maegesho! Watu wenyewe tunatembea kwa miguu.

Mimi nasahau nilipoweka kofia yangu, lakini ahadi sisahau. Bwana Ramani alituahidi choo, akatuletea bango la choo. Akatuahidi mwanga, akatuletea nguzo zisizo na taa. Safari hii hakuahidi kitu, ndipo nikajua kwamba hili atalitimiza.

Basi mume wa dada, shemeji yangu, akasimama kugombea udiwani dhidi yake.

Shemeji ni dalali wa mnada. Watu humwita Nyundo. Kila Jumamosi, kwenye uwanja ulio nyuma ya soko, huuza vitanda vya waliohama, baiskeli za waliokopa, majokofu yanayonguruma bila kugandisha, akihesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kugonga meza kwa aliyeinua mkono. Hakuna mtu mjini asiyewahi kununua kitu mbele yake, na wengi hawajui mpaka leo kwa nini walikinunua.

"Shemeji," aliniambia siku aliyochukua fomu, "mimi kuuza najua. Kuhutubia sijui. Nifundishe."

"Huoni tofauti?"

"Naiona. Kwenye mnada mtu anaondoka na kitu."

Nikamfundishia palepale kibandani, dada akiendelea kushona, cherehani ikitia na kutoa. Mimi sikusomea haya mambo. Niliyaokota kwenye mageti ya viwanda na milango ya mahakama, nikisikiliza nani anapigiwa makofi na nani anapigiwa miayo, mpaka nikajua kwa nini.

"Sema mambo matatu," nilimwambia. "Ukisema mawili, unasikika kama mtu na mkewe wanabishana."

"Tumekusikia," alisema dada, bila kuinua kichwa.

"Ukisema manne, ni orodha ya kwenda dukani, watu wanaanza kuangalia saa. Matatu ndiyo sikio linayabeba. La kwanza linafungua njia. La pili linamwambia msikilizaji, ndiyo, njia ni hii. Kufikia hapo ameshaanza kutembea mwenyewe, anajua linakuja jingine. La tatu ndilo unalompa uzito. Liwe refu kuliko wenzake, au lipinde kona asiyoitarajia."

"Nipe mfano."

"Soko hili tulilifagia. Soko hili tuliliezeka. Soko hili tulilikumbatia usiku ule upepo ulipobeba mabati, wakati diwani amekumbatia mto."

Dada akacheka, cherehani ikasimama. Nikamwonyesha shemeji kwa kidole: umeona? Amecheka pale pale nilipotaka.

Nikamfundisha sauti. La kwanza ipande kidogo. La pili ibaki pale pale juu, usiishushe, ukiishusha watu watadhani umemaliza, watapiga makofi kabla ya wakati. Kabla ya la tatu, pumzi moja ya kimya. Halafu la tatu literemke mpaka chini kabisa. Ile sauti ikitua ndiyo inayoyaita makofi, maneno yenyewe ni wapambe tu. Na makofi yakianza usiyakanyage, lakini pia usiyasubiri yafe. Yakianza kulegea, ingia. Uwanja ukipoa, kuni utakazohitaji kuuwasha upya huna.

"Na kuitikia?"

"Kuitikia ndiko kunakomfanya mtu ajisikie hotuba ni yake. Jibu liwe fupi, liishie kwenye irabu iliyo wazi, mdomo ufunguke. Unauliza, 'Soko hili la nani?' Wanajibu, 'Letu.' Usiulize kamwe swali lenye majibu mawili. Ukiuliza 'Mnataka nini?' mmoja atataka maji, mwingine atataka mke."

"Wasipojibu?"

"Mara ya mwanzo hawatajibu vizuri. Watu huona haya, hakuna anayetaka sauti yake isikike peke yake. Wewe usiwalaumu. Jifanye kiziwi, weka mkono sikioni, uliza tena. La pili litakuwa kubwa, la tatu litatoboa. Na ile haya mimi nitaitibu."

Dawa yenyewe ilikuwa hii. Nilipanga watu wangu pande tatu za uwanja: kinyozi kushoto, muuza maji kulia karibu na spika, dada katikati mbele. Kazi yao kujibu nukta moja kabla ya wengine, ili jirani asiogope kuwa wa kwanza. Kwa "Letu" hawakuhitaji ishara, swali lenyewe linawaita. Lakini kulikuwa na sehemu ambazo hazina swali, sehemu za kuunga mkono tu. Hizo nikawapa ishara: nikipangusa uso kwa leso nyeupe, waseme, "Kweli kabisa."

"Leso tu?" aliuliza kinyozi. "Na ukitoka jasho?"

"Mimi sitoki jasho ovyo."

Mwanafunzi wangu alinitisha kwa wepesi wake. Ile pumzi ya kimya, ambayo wahutubu wengi hawaiwezi kwa kuogopa kimya, yeye aliishika siku ya kwanza. Anasema la pili, anainua kidole, anatembeza macho polepole kushoto kwenda kulia, unasikia moyo wako ukidunda. Nikajisifu moyoni kwamba mimi ni mwalimu.

Mwalimu. Mtu kaifanya kazi hiyo kila Jumamosi tangu meno yake hayajaanza kung'oka, na mimi nadhani nimemfundisha mimi.

Hapo ndipo nilipaswa kuiona hatari. Sikuiona. Badala yake nikakaa kuandika kipande cha mwisho cha hotuba, kile cha kumzika Bwana Ramani, na nikakiandika hivi:

*Mara ya kwanza walikuja na ramani, tukanyamaza. Mara ya pili walikuja na tingatinga, tukanyamaza. Mara ya tatu... wakija watatukuta tumesimama.*

Nikakisoma, nikakipenda, nikakibusu. Msomaji mwenye akili ameshashika kichwa. Mimi sikushika.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa mpaka watoto wakapanda juu ya vitanda vya mnada vilivyokosa mnunuzi. Bwana Ramani hakuja, ila alimtuma mpambe wake, jamaa mwembamba mwenye kofia nyekundu, aje kusikiliza na kumpelekea habari. Pembeni mwa jukwaa, kwenye kiti cha plastiki, alikaa msimamizi wa kampeni kutoka ofisi ya uchaguzi, kijana mwenye tai na uso wa mtu aliyekanyaga maji na soksi.

Shemeji akapanda. Akaanza polepole, kama nilivyomwambia, akiacha kila neno lifike kwanza kwenye spika ya mwisho kule nyuma, maana ukikimbia, mwangwi wa neno la kwanza unalala juu ya neno la pili, watu wanasikia mbuzi.

"Kabla sijasema," alisema, "nina swali. Nikiliuliza, nyinyi mnajibu neno moja tu. Letu. Tujaribu. Soko hili la nani?"

"Letu," walisema, kama wanaomjibu daktari.

Akaweka mkono sikioni. "Huku mbele nasikia cherehani tu. Soko hili la nani?"

Kinyozi akatoa lake, muuza maji akatoa lake, dada akatoa lake, na nyuma yao uwanja ukaporomoka. "Letu."

"La nani?"

"Letu." Hilo la tatu lilitimua njiwa kwenye paa la soko. Mpambe mwenye kofia nyekundu alirudi nyuma hatua moja.

Nilisimama chini ya jukwaa, nimesahau kwamba nimefukuzwa kila mahali. Tulilifagia, sauti ikapanda. Tuliliezeka, ikabaki juu. Tulilikumbatia, ikatua, na makofi yakaja yenyewe. Alipofika kwenye mto wa diwani, mama mmoja alicheka mpaka akakalia ndoo ya mwenzake. Nikapangusa uso kwa leso. "Kweli kabisa," ikaja kutoka pande tatu, halafu kutoka pande zote.

Kisha akafika kwenye kipande changu.

"Mara ya kwanza," alisema shemeji, "walikuja na ramani, tukanyamaza."

Uwanja ukatikisika kidogo, namna ambayo sikuielewa. Watu walijiweka sawa. Mzee mmoja alitoa miwani.

"Mara ya pili walikuja na tingatinga, tukanyamaza."

Kimya. Kimya cha kukata kwa kisu. Nikajiambia, Kengele, umewapata. Sikuona kwamba uwanja ule, mchana kama ule, mbele ya mtu yule, ulishawahi kunyamaza namna ile kila Jumamosi kwa miaka.

"Mara ya tatu..."

Akainua kidole. Akatembeza macho polepole, kushoto kwenda kulia. Ile pumzi niliyomfundisha ikaja, ikakaa, na ndani ya ile pumzi mpambe wa Bwana Ramani, jua likimpiga usoni, akainua mkono kuweka sawa kofia yake nyekundu.

Kiganja cha shemeji kikapiga meza ya jukwaa, pah.

"Limekwenda," alisema. "Bwana kofia nyekundu."

Na watu wakapiga makofi. Walipiga kama wanavyompigia kila anayenunua, wengine wakamgeukia mpambe kumpa hongera. Mama wa ndoo akasema kwa sauti, "Amelipata kwa bei nzuri huyo."

Mimi damu ilinipanda, ikashuka, jasho likanibubujika kwenye paji la uso. Mkono ukaenda wenyewe. Nikapangusa.

"Kweli kabisa," alisema kinyozi.

"Kweli kabisa," alisema muuza maji.

"Kweli kabisa," ulisema uwanja mzima.

Hivyo ndivyo soko lilivyouzwa na mgombea aliyekuja kulitetea, na wenye soko wakathibitisha kwa sauti moja, kwa mpango niliopanga mimi.

Mpambe hakuwa mjinga. Alitazama huku na huku, akaona hakuna anayecheka, akapanda jukwaani, kwa sababu kwenye mnada mnunuzi hupanda aonekane. Akasogelea kipaza sauti.

"Nashukuru," alisema. "Naomba risiti."

Na shemeji yangu, Mungu ampe nini sijui, akapapasa mfuko wa koti kutafuta kitabu cha risiti.

Nikapanda ngazi mbilimbili. "Unafanya nini, shemeji?"

"Mkono uliinuka," alinong'ona, amepauka kama unga. "Nimeshagonga. Nikigonga siwezi kugongoa. Nikifanya hivyo leo, Jumamosi nani ataniamini?"

"Unauza soko, wewe unaiwazia Jumamosi?"

"Sheria ni sheria, shemeji."

Niliujua ukaidi wake. Mtu huyu aliwahi kuuza kitanda chake mwenyewe kwa sababu kilichanganywa na vitu vya mnada, akalala chini wiki nzima na dada yangu akamnunia. Kwa hasira usingemvunja. Ilibidi nimshike kwa sheria zake.

"Kulikuwa na mkono mwingine," nilisema kwenye kipaza sauti. "Uliinuka ulipogonga. Sheria inasemaje?"

Uso wake ukapata rangi. "Mikono miwili ikiinuka wakati wa kugonga, kitu kinarudi mezani." Akaugeukia uwanja. "Limerudi mezani."

"Aaa," walisema watu, wameridhika, kwani hiyo nayo waliizoea.

"Mkono ulikuwa wa nani?" aliniuliza.

"Wangu."

"Unatoa nini?"

Sasa hapo, ndugu msomaji, nilikuwa na kitu kimoja tu duniani nilichokiamini. Nikafungua mdomo.

"Natoa miguu yangu," nilisema, nikaipandisha sauti, "iliyosimama kwenye mageti yote ya mji huu."

Wakasogea.

"Natoa sauti yangu," nikaishikilia juu, "ambayo waliifukuza kazi, wakaifukuza nyumbani, haijanyamaza."

Wakainamia mbele. Nikavuta pumzi ya kimya. Macho yote kwangu, kidole changu juu, na la tatu likanitoroka. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na sauti, cha tatu sikuwa nacho. Nilitafuta kichwani kama mtu anayetafuta shati kwenye nyumba iliyoungua. Pumzi ikawa ndefu. Pumzi ikawa aibu. Mpambe akaanza kutabasamu.

"Na mume wangu," ilisema sauti kutoka mbele. "Mpigeni bei, mpeni huyo wa kofia, atuachie soko."

Alikuwa dada, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

Ikatua. Uwanja ulipasuka kwa kicheko, watoto wakaanguka kutoka kwenye vitanda. Na kicheko hicho kilifanya kile ambacho hotuba yangu yote haikufanya: kiliwaamsha. Watu walitazamana, wakatazama soko nyuma yao, wakamtazama mpambe aliyekuwa bado amenyoosha mkono kungoja risiti, na nikaiona hasira ikipanda kwenye nyuso, ile hasira ninayoijua, ile ya wanaogundua wamepigia makofi mazishi yao.

"Mama watoto," alisema shemeji, ameumia, "mimi si bidhaa."

"Na soko lilikuwa bidhaa?"

Hakungoja jibu. Aliwageukia watu, mgongo kwa jukwaa, bila spika wala kipaza.

"Nani hufagia hapa alfajiri?"

"Sisi," walisema wanawake wa mbele.

"Nani huziba mabati mvua ikianza?"

"Sisi," walisema zaidi.

Akanyamaza pumzi moja. Siku zote zile nilidhani anashona.

"Nani atalala mbele ya tingatinga nikilala mimi?"

"Sisi."

Sijawahi kulisikia neno moja lenye uzito ule, na nimesikia mengi. Mpambe alivua kofia yake nyekundu, akaificha ndani ya shati, akatafuta ngazi.

Ningeishia hapo mngesema Kengele leo kapata bahati. Lakini bahati na mimi hatulali chumba kimoja. Msimamizi wa kampeni alikuwa ameinuka kwenye kiti chake cha plastiki. Alinyoosha tai, akapanda, akachukua kipaza sauti kwa vidole viwili kama kinanuka.

"Mkutano umesimamishwa," alisema. "Mgombea ameuza mali ya umma hadharani. Nina maswali kabla sijaandika ripoti, na ripoti hii inaweza kuondoa jina kwenye karatasi ya kura."

Shemeji akashika meza. Jina lake likitoka, anayebaki kwenye karatasi ni Bwana Ramani peke yake, na kabla ya mvua kunyesha pale sokoni patakuwa na mistari myeupe ya kuegesha magari.

Kijana yule hakukusudia ubaya, naamini. Hakujua uwanja umepashwa moto kiasi gani. Aliuliza tu, kwa sauti ya ofisini, huku akinitazama mimi:

"Nani ameandika hotuba hii?"

"Kengele," ulijibu uwanja, kwa furaha.

Aliruka kidogo. Akajikaza. "Nani amepanga watu wa kuitikia?"

"Kengele," walisema, kinyozi akiwa wa kwanza, nukta moja kabla ya wengine, kama nilivyomfunza.

Nilijaribu kuwapungia mkono wanyamaze. Wakapiga makofi.

"Basi," alisema msimamizi, sauti ikashuka, maskini, bila kujua, "nani atakayekuja ofisini kwangu kulijibia soko hili?"

Walivuta pumzi. Nilifumba macho, nikangoja jina langu.

"Mimi," alisema dada.

Alikuwa ameshapanda ngazi. Alisimama kati ya mumewe na mimi, uzi mweupe umemng'ang'ania kwenye bega. Msimamizi alifungua jalada lake, akatafuta kalamu, akamtazama juu mpaka chini.

"Na wewe ni nani, mama?"

Dada akafungua mdomo. Hakuwahi.

"Diwani," ulijibu uwanja.

Kalamu ya kijana ikasimama hewani. Shemeji yangu, mwenye fomu, mwenye picha ukutani, mwenye jina kwenye karatasi ya kura, aligeuka polepole kumtazama mkewe. Kisha akazungumza chini chini, kama watu wanavyozungumza nyumbani, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na kila neno likaenda mpaka spika ya mwisho.

"Mama watoto, hili umelipanga tangu lini?"

Na uwanja, uliokuwa na jibu la kila kitu siku ile, ulinyamaza kumsikiliza dada yangu.